Nauli Mpya, Saa Mpya: Tangazo la Abiria Mwenye Haraka

Tangazo la kubadilika kwa nauli na saa za mabasi husomwa na mtu aliyesimama, mzigo mkononi, konda akimhimiza apande. Ndiyo maana halifai kuanza na maelezo ya bei ya mafuta. Lianze na njia inayohusika, siku ya kuanza, kisha nauli mpya kando ya ile ya zamani.

Nauli zilizoanza kutumika Tanzania tarehe 8 Desemba 2023 ni mfano mzuri. Kwa daladala za safari isiyozidi kilometa 10, mstari mmoja ulitosha: mtu mzima shilingi 600 badala ya 500, mwanafunzi 200 kama zamani. Hayo maneno “kama zamani” yasiachwe. Yakikosekana, konda atadai zaidi, na mtoto wa shule hatakuwa na cha kumwonyesha.

Mabasi ya mikoani yana ugumu wake, kwa sababu LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, hupanga ukomo wa nauli kwa kilometa. Daraja la kawaida lilipanda kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47. Abiria aliyeko dirishani hana nafasi ya kupiga hesabu hiyo, basi apigiwe: safari ya kilometa 200 iliyokuwa shilingi 8,258 ikawa 9,694, ongezeko la 1,436. Daraja la kati, kwa shilingi 67.84, safari hiyohiyo ikawa 13,568. Tangazo lisilotaja daraja linaweza kumfanya abiria wa basi la kawaida alipe karibu 4,000 zaidi bila kujua.

Kwenye saa ndiko watu wanakoachwa na basi. Tiketi huandikwa 05:00, lakini abiria husema saa 11 alfajiri. Akisoma “saa 5:00” bila neno la kufafanua, atafika saa 5 asubuhi, basi limeondoka saa sita zilizopita. Njia salama ni kuandika zote mbili: saa 11:00 alfajiri (05:00).

Usiku wa manane una mtego mkubwa zaidi, hasa tangu mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku kucha mwaka 2023. Tiketi ya 00:30 Ijumaa ni ya usiku wa Alhamisi, ila abiria wengi watajitokeza Ijumaa usiku, siku nzima imepita. Iandikwe hivi: “Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa 6:30 (00:30). Fika kituoni saa 6:00 usiku.”

Tangazo jipya likishabandikwa, la zamani libanduliwe siku hiyohiyo, kituoni na ndani ya basi. Karatasi mbili zikikaa ukutani pamoja, abiria atashika yenye nauli ndogo na konda yenye nauli kubwa, na wote wawili watakuwa na maandishi ya kuonyesha.