Kidonge cha Asubuhi na Rula ya Ukutani

Mama anayefungua kontena ya chakula ya mwanawe jioni na kukuta chapati, maharage na ndizi vimerudi kama vilivyotoka nyumbani huwa na maswali mengi. Ikiwa mtoto huyo ameanza kumeza methilfenideti wiki chache zilizopita, jibu mara nyingi liko kwenye saa. Kengele ya chakula cha mchana imelia wakati dawa iko kileleni, na dawa iliyo kileleni huondoa hamu ya kula.

Methilfenideti ni mojawapo ya dawa zilizochunguzwa kwa muda mrefu kati ya zinazotolewa kwa watoto wa shule wenye upungufu wa umakini, hali ambayo walimu na madaktari huiita kwa herufi ADHD. Aliyeiunda mwaka 1944 ni mkemia Leandro Panizzon, akiwa katika kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi, na wengi wanaijua kwa jina la kibiashara la Ritalin. Huongeza dopamini na noradrenalini zinazobaki kazini kati ya seli za ubongo, kwa kuzuia zisirudishwe haraka zilikotoka. Mtoto aliyekuwa akiinuka kitini kila baada ya dakika chache anaweza kukaa, kusikiliza swali hadi mwisho na kumaliza hesabu aliyoianza. Lakini kemikali hizohizo hushiriki pia katika kuamsha njaa na kumweka mtu macho. Ndiyo maana hamu ya kula na usingizi huguswa na kidonge kilekile kinachomtuliza darasani.

Kidonge cha kawaida huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hivi, na nguvu yake huisha baada ya saa tatu au nne. Zipo pia aina za kutolewa polepole. Concerta, kwa mfano, hutengenezwa ili kidonge kimoja cha asubuhi kifanye kazi kwa takriban saa 12. Hicho humezwa kizima, bila kusagwa wala kutafunwa, na mzazi asishtuke akiona ganda lake kwenye choo cha mtoto, kwa kuwa dawa yenyewe imeshatoka ndani. Aina zote mbili zinafaa. Jambo la muhimu ni mzazi kujua kidonge cha mwanawe kinaanza saa ngapi na kinaisha saa ngapi, kwa sababu mlo na usingizi hupangwa kwa kuifuata ratiba hiyo.

Chukua mfano wa mvulana wa miaka minane anayeishi mjini. Ameshachunguzwa na mtaalamu, na moyo na shinikizo la damu vimepimwa. Siku ya kuanza ana kilo 25.5 na urefu wa sentimeta 127, karibu kabisa na mstari wa katikati kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani. Anaanzishwa miligramu 5 asubuhi na 5 mchana. Daktari anapandisha kidogokidogo wiki hadi wiki, huku akimsikiliza mwalimu, mpaka anafika miligramu 10 saa 1 asubuhi, 10 saa 5 na nusu, kisha 5 saa 10 jioni kwa ajili ya kazi ya nyumbani.

Darasani mambo yanakwenda vizuri. Nyumbani matatizo mawili yanajitokeza. Mtoto anatoka asubuhi kwa chai kavu na kipande cha mkate, kwa sababu gari la shule halisubiri, na mchana hali. Njaa inamjia saa 2 usiku, dawa ya jioni inapoisha, saa ambayo mama yake angependa kumwona kitandani. Akilazwa, anajigeuzageuza mpaka saa 5.

Miezi mitatu baadaye mizani inasoma kilo 24.3. Mtoto wa umri wake alitazamiwa kuongeza zaidi ya nusu kilo katika kipindi hicho, naye amepungua zaidi ya kilo moja. Hapa wazazi wengi husimamisha dawa kimyakimya, bila kumwambia daktari, na wengine huendelea nayo kimyakimya wakiamini kwamba mtoto atazoea. Kwa wengi hamu ya kula hurudi kiasi baada ya miezi ya mwanzo. Hata hivyo si kwa wote, na kilo iliyopotea kwa mtoto mdogo namna hii haifai kuachwa ijirekebishe yenyewe.

Daktari wa mfano wetu hagusi dawa kwanza. Anaanza na asubuhi. Mtoto anaamshwa mapema kidogo, anakunywa uji uliopikwa kwa maziwa na kukorogwa siagi ya karanga, anakula yai, na ndipo anapomeza kidonge. Uji mmoja wa namna hiyo, ulioliwa dawa ikiwa bado haijaanza, una thamani kubwa kuliko sahani ya mchana inayobembelezwa. Kidonge cha pili kinasogezwa kutoka saa 5 na nusu hadi baada ya chakula cha mchana. Kile cha asubuhi kinakuwa kimeisha nguvu kengele inapolia, hivyo njaa ipo, na mtoto anakula kabla ya kumeza cha pili. Mabadiliko hayo yana gharama: mwalimu wa kipindi kinachotangulia mlo atamwona mtoto ametawanyika, na anapaswa kuelezwa sababu mapema ili asimwadhibu.

Kidonge cha saa 10 kinaondolewa. Kile cha baada ya mlo bado kina nguvu mtoto anapofika nyumbani, kwa hiyo kazi ya nyumbani inafanywa mara moja, kabla ya mchezo. Chakula cha jioni kinawekwa saa 1, na glasi ya maziwa na ndizi au kipande cha parachichi saa 2, kwa kuwa kula vizuri jioni ni haki yake baada ya siku ya kula kidogo. Wazazi hawampigii kelele kwa chakula cha mchana kilichobaki. Mtoto anayelazimishwa kula wakati mwili hautaki hujifunza kuchukia meza.

Suala la usingizi linahitaji subira zaidi, maana sababu zake mbili zinapingana. Huenda dawa bado ipo mwilini saa ya kulala, na hapo dawa ya mwisho husogezwa mapema au kupunguzwa, kama ilivyofanyika hapa. Lakini huenda dawa imeisha ghafla, na mtoto akawa mchokozi, mwenye machozi ya karibu na asiyetulia kuliko hata kabla ya tiba. Huyo hatasaidiwa kwa kuondolewa kidonge cha mwisho. Mara nyingine daktari humpa kiasi kidogo sana alasiri ili mteremko uwe wa polepole. Tena watoto wengi wenye upungufu wa umakini walikuwa wakichelewa kulala hata kabla ya kuonja dawa yoyote.

Yote hayo hutenganishwa na daftari. Kwa wiki mbili kabla ya kuanza dawa, na wiki mbili baada ya kila badiliko, mzazi aandike saa ya kila kidonge, saa mtoto alipopanda kitandani, saa aliposinzia na saa alipoamka. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Anayeamshwa saa 11 alfajiri na kusinzia saa 5 usiku amelala saa 6 tu, na kesho yake hatatulia darasani hata dozi ikiongezwa. Kosa hili hutokea kweli: usingizi unapungua, umakini unashuka, watu wazima wanadhani dawa ni kidogo, dozi inapandishwa, na usingizi unapungua zaidi.

Kuhusu urefu, ushahidi mzuri umetoka Marekani. Jaribio liitwalo MTA lilianza na watoto 579 wa miaka 7 hadi 9, na matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1999. Watafiti waliendelea kuwafuatilia, na ripoti ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, walioanza dawa wakati wa jaribio na kuendelea nayo walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimeta 2, na wepesi kwa kilo 2.7, kuliko wasiotumia. Ukuaji ulipungua kasi zaidi mwaka wa kwanza, ukapungua kidogo mwaka wa pili, na mwaka wa tatu ukaenda kwa kasi ya kawaida, ingawa sentimeta zilizopotea hazikuwa zimerudi. Sentimeta mbili haziharibu maisha ya mtu. Lakini wastani huficha watoto waliopoteza zaidi, na hao hawatambuliki bila kupimwa.

Katika Afrika Mashariki upimaji huo una pengo. Kadi ya kliniki huishia miaka mitano, kisha hufungiwa kabatini. Mtoto wa darasa la tatu hapimwi urefu isipokuwa anapougua, na wakati mwingine hata hapo anapandishwa kwenye mizani tu. Chati ya Shirika la Afya Duniani ya umri wa miaka 5 hadi 19 ipo tangu 2007, na nakala yake inapaswa kuwekwa kwenye faili la mtoto siku anayoandikiwa kidonge cha kwanza. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unataka mtoto wa miaka 10 au chini yake apimwe uzito kila miezi mitatu, na urefu kila miezi sita, pamoja na mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Urefu hupimwa mara chache kuliko uzito kwa sababu ya udogo wa tofauti inayotafutwa. Mtoto wa umri huu hurefuka takriban sentimeta 5 kwa mwaka, yaani sentimeta moja na robo tu kwa miezi mitatu, na kipimo kibovu kinaweza kukosea nusu ya hiyo. Avue viatu, visigino, makalio na mgongo viguse ukuta, macho yatazame mbele, na ubao bapa ushushwe hadi ukandamize nywele. Apimwe saa ileile ya siku, kwa kuwa mtu hupungua urefu kidogo kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mvulana wetu alipotimiza miezi sita alikuwa na sentimeta 128.6. Ameongeza 1.6 mahali pa karibu 2.7. Uzito ulikuwa umeanza kupanda na kufika kilo 24.9. Kwenye chati nukta yake imeshuka chini ya mstari wa katikati bila kuufikia ulio chini yake, na daktari akaamua kuendelea na ratiba mpya badala ya kubadili dawa. Angeufikia mstari huo na kuuvuka, njia ingekuwa kupunguza dozi, kujaribu dawa nyingine, au kupanga mapumziko wakati wa likizo ndefu ili mwili ufidie.

Baada ya mwaka alikuwa na kilo 27.4 na sentimeta 131.3. Kasi imerudi, ingawa bado yuko kama sentimeta moja nyuma ya mahali alipotazamiwa kuwa. Katika ukaguzi wa mwaka, wazazi, mwalimu na daktari wanaulizana kama dawa bado inahitajika, na wiki chache bila kidonge zinaweza kuonyesha hilo. Akifika miaka 10, chati ya uzito kwa umri itakuwa imefika mwisho, kwa kuwa miili ya watoto huanza kubalehe kwa nyakati tofauti. Kuanzia hapo daktari atalinganisha uzito wake na urefu wake, na urefu utaendelea kupimwa kila miezi sita maadamu anameza kidonge.