Waya Mmoja Uliotuumbua

Mwanafunzi wa umeme alimwandikia hivi mwenzake wa maabara:

Mwenzangu, kanuni ya amplifaya tuliyoweka kwenye ripoti si sahihi. Tuliandika ukuzaji ni 1 + R1/R2, ambapo R1 inashuka ardhini na R2 inatoka kwenye tokeo kurudi ingizo hasi la opampu. Jana usiku nilijiuliza: tukiweka waya mtupu mahali pa R2, yaani omu 0, itakuwaje? Tokeo lote linarudi ingizo hasi, na opampu hujitahidi kusawazisha maingizo yake mawili. Basi ikiingia volti 1, inatoka volti 1 ileile. Ukuzaji ni 1. Kanuni yetu inagawanya kwa sifuri, eti ukuzaji hauna kikomo! Tulizipindua rezista: sahihi ni 1 + R2/R1.

Utauliza, mbona kipimo kilikubali? Rezista zote mbili zilikuwa za kiloomu 10, na hapo kanuni zote mbili zinatoa 2. Tulijichagulia mtego wenyewe. Kesho R1 ibaki, R2 iwe kiloomu 47. Tutegemee mara 5.7, si 1.21. Tupime kweli, maana waya haunasi kila kosa: hata 1 + 2R2/R1 ingepita.