Bango la Filamu Huanzia Mtoni

Bango la filamu fupi likitoka baya, aghalabu kosa lilifanyika siku ya kurekodi, kabla msanifu hajaliona.

Tuseme mmerekodi filamu ya dakika 12 kwenye mchanga wa mto Thwake, Makueni. Kazi imekwisha, hamna picha ya bango, basi mwongozaji anachomoa fremu kwenye video. Fremu ya HD ina pikseli 1920 kwa 1080. Ukiichapa kwa pikseli 300 kwa inchi, kimo chake hakifiki hata sentimita 10, na bango la A3 lina sentimita 42. Ukiivuta mara nne na zaidi, uso wa mwigizaji unafifia. Mkono unaochota maji nao utakuwa na ukungu, maana video kwa kawaida hupigwa kwa shata ya sehemu moja ya 50 ya sekunde.

Kwa hiyo awepo mtu mwenye kamera ya picha mnato. Mwongozaji akishasema "kata", waigizaji wabaki walipo, warudie tendo, naye apige mlalo na wima, akiacha anga tupu juu kwa ajili ya jina la filamu. Picha hizo huingia pia kwenye kabrasha la wanahabari, ambalo linatosheka na picha tano au sita, mojawapo ya mwongozaji akiwa kazini. Maelezo ya kila picha yataje wanaoonekana, kuanzia kushoto, na aliyeipiga.

Kwenye kabrasha hilo, muhtasari wa filamu uandikwe mara tatu: sentensi moja, maneno 50, kisha 150. Anza na ile sentensi, ndiyo ngumu: "Mto unapokauka, bibi mmoja wa Makueni analala kando ya kisima chake ili malori ya mchanga yasipite." Ukiandika kwamba filamu "inahusu umuhimu wa mazingira", mhariri hana cha kushika. Mwisho wa hadithi usiutoboe.

Wasifu wa waigizaji uwe wa mistari miwili miwili, mhusika mkuu kwanza. Kama bibi huyo ni mkulima ambaye hajawahi kuigiza, liseme hilo; waandishi hulipenda kuliko orodha ya tamthilia.

Majina ya watendakazi yatoke kwenye orodha moja tu, itumike kwenye filamu, kabrasha na bango, na kila mtu asome tahajia ya jina lake kabla ya kuchapa. Ugumu huja mtu akiwa na kazi mbili. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, ni mhusika wa filamu ndefu ya hali halisi Thank You for the Rain (2017), na baadhi ya picha za filamu hiyo alizipiga mwenyewe nyumbani kwake. Jina lake huambatana na la mwongozaji Julia Dahr. Makubaliano ya namna hiyo yafanywe mapema, kwa maandishi.

Nchini Kenya, bango nalo hupelekwa kwenye Bodi ya Kuainisha Filamu. Acheni pembe ya chini wazi kwa alama ya daraja, GE, PG, 16 au 18, na msichape nakala za kubandika mjini Wote au Kitui kabla ya jibu.