Mshale Ubaoni Bado Si Azimio

Kikao kikiisha, wajumbe hutoa simu na kupiga picha ubao. Wiki mbili baadaye picha ipo, kazi haijaanza, maana kila mmoja aliisoma mishale kwa namna yake.

Tuchukue kamati ya shule inayotaka kuvuna maji ya mvua. Ubaoni kuna visanduku vitatu: "Mifereji", "Msingi" na "Tangi lita 5,000". Mshale mmoja unatoka Mifereji kwenda Tangi, mwingine unatoka Msingi kwenda Tangi, na wa tatu unatoka kwenye neno "M/kiti" kwenda Msingi. Kando ya Tangi pameandikwa "Mhazini, bei 3, 14/3". Chini kuna "Chujio?" na "Tangi la saruji" lililopigwa mstari.

Mishale hiyo mitatu inafanana, lakini haisemi jambo moja. Wa kwanza unaonyesha njia ya maji. Wa pili unaonyesha utaratibu: msingi kwanza, kwa sababu lita 5,000 za maji zina uzito wa tani 5. Wa tatu unamtaja mwenye kazi. Katibu ndiye wa kuamua kila mshale una maana gani, na asipokuwa na hakika aulize kabla watu hawajatawanyika.

Picha yenyewe ipigwe bila flashi, mpigaji akisimama upande kidogo ili mng'ao wa dirisha usifunike maandishi. Piga ubao mzima, kisha kila sehemu kwa karibu. Halafu nakili kila kilichoandikwa, hata kilichopigwa mstari, ndipo utenganishe kilichoamuliwa, kazi na swali. Orodha itatoka hivi:

1. Azimio: litanunuliwa tangi la plastiki la lita 5,000. Tangi la saruji limekataliwa.
2. Mhazini ataleta bei za maduka matatu ifikapo 14/3.
3. Mwenyekiti atasimamia ujenzi wa msingi. Tarehe: haijapangwa.
4. Mifereji ya paa kuelekea tangi. Mhusika: hajatajwa.
5. Tangi lisiletwe kabla namba 3 haijakamilika.
6. Swali: je, chujio litawekwa? Halijaamuliwa.

Angalia namba 3 na 4. Kishawishi cha katibu ni kujaza tarehe anayoidhania, au kuandika "kamati" pale pasipo na jina. Kazi ya kamati nzima haina wa kuulizwa, kwa hiyo pengo liachwe lionekane. Vilevile "plastiki" katika namba 1 haimo pichani; ilisemwa kwa mdomo, na katibu ameikumbuka. Ndiyo sababu orodha itumwe siku hiyohiyo pamoja na picha, wajumbe wakiwa bado wanakumbuka cha kusahihisha.

Katika kikao kinachofuata orodha hiyo inakuwa ajenda ya yatokanayo. Namba zisibadilishwe: namba 4 ibaki namba 4 hadi mifereji ifungwe, ili kila anayeuliza juu yake ajibiwe na mtu mmoja.