Namba na Picha za Wateja wa Saluni

Saluni hukusanya taarifa za wateja karibu bila kutambua. Namba ya simu huchukuliwa ili mteja akumbushwe siku yake ya kusukwa, na msuko ukimalizika hupigwa picha ya kuwekwa kwenye WhatsApp. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinahusu namba na picha hizo.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba mteja akikubali jambo moja amekubali yote. Aliyetoa namba ili akumbushwe miadi hajaomba matangazo ya bei, na namba iliyoonekana kwenye ujumbe wa M-Pesa ilikuja kwa ajili ya malipo tu. Hata kutabasamu mbele ya kamera si ruhusa ya kutangazwa. Mwaka 2023, Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Shule iliyochapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi ilitozwa shilingi 4,550,000.

Sheria ya Kenya inamtaka mwenye biashara athibitishe kuwa ridhaa ilitolewa, kwa hiyo neno la mdomo halitoshi panapotokea mgogoro. Daftari la kawaida linafaa: tarehe, jina, namba, kisha nafasi tatu ambazo mteja mwenyewe huweka alama, yaani miadi, matangazo na picha, na mwisho sahihi yake. Anayekataa picha asukwe kama wengine, kwa bei ileile. Picha ya kisogo, isiyoonyesha uso, mara nyingi inatosha kuonyesha kazi, ingawa hiyo nayo iombwe.

Hatari zaidi iko kwenye kuhifadhi. Msusi akipiga picha kwa simu yake, zinabaki kwake hata akihamia saluni nyingine, na huenda zikanakiliwa zenyewe kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Ni heri saluni iwe na simu yake moja, yenye namba ya siri, na daftari lifungiwe kwenye droo. Wateja wasikusanywe katika kikundi cha WhatsApp, kwa sababu kila aliyemo anaweza kuona namba za wenzake, na mtu anayemkwepa mume wa zamani anaweza kupatikana kwa njia hiyo. Orodha ya kutuma kwa wengi haifichui namba, ila ujumbe humfikia tu mteja aliyeihifadhi namba ya saluni.

Mteja anaweza kuondoa ridhaa wakati wowote. Akifanya hivyo, picha ifutwe kwenye ukurasa, kwenye simu na kwenye nakala za mtandaoni. Nakala ambazo watu wengine wameshazipakua hazirudi tena, na ndiyo maana ruhusa huombwa kabla ya kutuma.