Pete Isiyo na Pa Kukata

Sonara akiletewa pete ya kawaida inayobana, kazi huwa nyepesi. Huikata upande wa chini, ule unaoelekea kiganjani, akaifungua kidogo, akaingiza kipande cha dhahabu ya karati ileile, akalehemu, akapiga tupa na kuing'arisha. Hukata hapo kwa sababu hapana kito wala nakshi. Pete iliyozungukwa na vito pande zote haina mahali kama hapo, na wanunuzi wengi hawaambiwi hivyo dukani.

Tuchukue pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 17.3. Baada ya kujifungua, mwenyewe anahitaji 18.1. Tofauti hiyo ya milimita 0.8 ni saizi moja ya Kimarekani, na ukiipima kwenye mzingo inakuwa milimita 2.5 hivi. Tuseme pete ina almasi 30 za milimita 2, na kutoka katikati ya almasi moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 2.2. Ukiongeza almasi moja pamoja na tundu lake, umepata milimita 2.2. Zimebaki 0.3, ambazo hazitoshi almasi nyingine, na zikiachwa wazi jicho litaziona. Kwa hiyo pete hizi haziongezeki kwa nusu saizi. Huruka kito kwa kito, na vito vikiwa vikubwa mruko nao unakuwa mkubwa.

Hata kito kimoja kikikubali kuingia, zile almasi 30 za mwanzo bado ziko kwenye duara lililobadilika. Pete inapopanuliwa, mkunjo wake hulegea, na upande wa nje, ambako vito vimekaa, hubanwa. Kingo za almasi zilizosogeleana husuguana na huweza kumeguka. Pete inapopunguzwa mambo hugeuka: upande wa nje hutanuka, matundu hufunguka, na vikucha vya dhahabu vinavyoshika vito hulegea. Tena mkunjo hausambai sawasawa. Hukusanyika pale dhahabu ilipo nyembamba, yaani kandokando ya matundu yenyewe.

Juu ya hayo kuna moto. Lehemu nyingi za dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 700 za Selsiasi au zaidi, joto ambalo uso wa almasi isiyokingwa unaweza kuungua kwa hewa ukabaki na ukungu. Fundi mzuri huipaka asidi ya boriki kwanza. Tanzanaiti, kito chetu cha Mererani, haina hata kinga hiyo: joto la ghafla huipasua, kwa hiyo lazima itolewe kabla ya moto kuwashwa. Leza ya kuunganishia hupunguza joto, lakini haiondoi tatizo la mkunjo.

Wengine huomba pete ikwanguliwe ndani. Kupata nusu saizi kunamaanisha kuondoa milimita 0.2 kila upande. Lakini almasi ya milimita 2 ina kina cha karibu milimita 1.2, na ncha yake ya chini huwa si mbali na kidole. Ukikwangua sana, ncha hutokeza na kuchuna ngozi. Pete ikilegea kidogo tu, vitone viwili vya dhahabu vinavyowekwa ndani, upande wa chini, huizuia isizunguke. Ikiwa tofauti ni saizi nzima, ninaloliamini ni kutengeneza pete mpya kwa almasi zilezile na moja ya kuongezea.

Pete ya mbano ni kali zaidi. Kito chake hakina vikucha. Kimeshikwa kati ya ncha mbili za pete iliyo wazi, kama nguo kwenye kibanio. Nguvu hiyo hutokana na dhahabu iliyokazwa wakati wa kuundwa. Mwenge wa sonara huilainisha, ukakamavu ukapotea, na kito kinaweza kuanguka siku yoyote. Pete kama hiyo irudi kwa aliyeiunda, na mara nyingi naye atatengeneza nyingine.

Kwenye pete ya nakshi, hatari iko kwenye sura zaidi. Kipande kinachoingizwa huwa kitupu, na lazima fundi achonge upya mpaka ua au msuko ukutane bila kuruka. Kuivuta ili ipanuke hurefusha michoro na kuififisha.

Ukikabidhiwa pete ya vito iliyobadilishwa, igonge kidogo kwa kidole karibu na sikio. Ikitoa mlio mdogo wa kucheza, kuna kito kilicholegea. Pitisha pia kitambaa laini juu yake: kikinasa nyuzi, kuna kikucha kilichoinuka. Mrudishie sonara kabla hujaondoka.

Kwa anayenunua sasa, kidole kipimwe jioni kikiwa na joto, na kwa upana uleule wa pete, maana pete pana hubana kuliko nyembamba. Kama uzazi au dawa bado vinaweza kubadili kidole, chagua pete yenye vito nusu ya juu tu. Chini utabaki na dhahabu tupu ya kukata.