Ukuta Uliolazwa na Ukuta Uliosimamishwa

Swali la mtihani wa gharama za majenzi linaweza kuja hivi: hosteli ya wanafunzi ya ghorofa mbili imechorwa, makadirio yamevuka bajeti, na mtahiniwa anatakiwa apunguze gharama bila kupunguza kazi ya jengo. Wengi hukimbilia kufuta. Rangi ipakwe mara moja badala ya mbili, bati la geji 28 liwe la geji 30. Hapo maksi zinapotea, na zinapotea kwa haki. Bati la geji 30 ni jembamba zaidi, na kwa jengo la pwani kutu italitoboa mapema. Fedha iliyobaki mfukoni leo italipwa baadaye kwa fundi wa paa.

Swali linataka uhandisi wa thamani, mbinu iliyojengwa na Lawrence Miles katika kampuni ya General Electric ya Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vifaa viliadimika, na wanunuzi wa kampuni walilazimika kutafuta mbadala wa kilichokosekana. Baadhi ya mbadala ulifanya kazi vilevile kwa bei ndogo. Miles aliigeuza hali hiyo kuwa utaratibu: kabla ya kutaja bei ya kitu, taja kazi yake kwa kitenzi na nomino tu. Nguzo inabeba mzigo. Dari inazuia joto.

Turudi hosteli. Michoro inaonyesha kuta za ndani za milimita 225, mita za mraba 800. Mafundi wetu wangesema matofali ya inchi 6 yamelazwa. Kazi ya kuta hizo ni nini? Mzigo wa jengo unabebwa na nguzo na mihimili ya zege, jambo ambalo mhandisi lazima alithibitishe kwanza. Kwa hiyo kuta za ndani zinatenganisha vyumba na kuzuia sauti, basi. Unene wa milimita 225 unalipia kazi ya kubeba ambayo hakuna aliyewapa.

Tofali la inchi 18 kwa 9 kwa 6 likilazwa, mita moja ya mraba hula matofali kama 15. Likisimamishwa, ukuta unakuwa wa milimita 150 na matofali yanashuka hadi kama 10. Tuseme swali limetoa bei ya shilingi 42,000 kwa mita ya mraba ya ukuta uliolazwa na 31,000 kwa uliosimamishwa. Tofauti ni 11,000. Mtahiniwa mwenye haraka atazidisha kwa 800, aandike 8,800,000 na kufunga karatasi.

Sehemu ninayoipenda katika somo hili inaanzia hapo, pale pendekezo linapopimwa kwa ukali uleule uliotumika kulitafuta. Je, kila ukuta una kazi ileile? Ukuta wa bafu unachimbwa mifereji ya kufukia mabomba, na ukiwa mwembamba unadhoofika. Ukuta kati ya vyumba vya kulala na ukumbi wa televisheni unapaswa kuwa mzito, maana uzito ndio unaozuia sauti. Kutoka milimita 225 hadi 150 kunapunguza kinga hiyo kwa desibeli tatu hadi nne hivi. Kati ya chumba na chumba, kukiwa na plasta pande zote, hilo linaweza kuvumilika. Ukumbini haliwezi. Tuache mita 120 kama zilivyochorwa. Zinabaki 680, nazo zinaokoa 7,480,000. Toa 1,200,000 za mhandisi kurekebisha michoro, kiasi ambacho swali huweza kukificha katika sentensi ya mwisho, na jibu halisi ni 6,280,000.

Kuna faida nyingine ambayo jedwali la bei haliionyeshi. Tukichukua uzito wa tofali kuwa kilo 2,000 kwa mita ya ujazo, kila mita ya mraba ya ukuta inapungua kilo 150. Kwa mita 680 hizo ni tani 102 zinazotoka kwenye mihimili, nguzo na msingi, na mhandisi anaweza kupunguza nondo na zege huko chini.

Anaweza, ikiwa msingi haujamwagwa. Ndiyo maana mtahiniwa asome mradi umefikia hatua gani. Kwenye michoro, kazi hii huitwa uhandisi wa thamani. Kwa kitu ambacho tayari kipo, wengi huita uchambuzi wa thamani. Kama swali linasema nguzo za ghorofa ya kwanza zimeshasimama, faida ya tani 102 kwa nondo na zege iliyokwisha kumwagwa haipo tena, na kuta zilizokwisha kujengwa zitolewe kwenye zile mita 680 kabla ya kuzidisha chochote.